Tangazo la kikapu kilichoachwa: ni oda ngapi zingerudi zenyewe?

Mteja amechagua viatu, ameviweka kikapuni, kisha ameondoka bila kulipa. Kesho yake anaviona viatu vilevile Facebook, anarudi na kulipa. Ripoti ya matangazo inaandika oda moja iliyookolewa. Lakini huenda mteja huyo alikuwa anasubiri mshahara tu, na angerudi hata asingeona tangazo lolote. Ripoti haiwezi kulijua hilo. Kazi yake ni kuhesabu kila aliyebofya au kuona tangazo, kisha akanunua ndani ya siku zilizowekwa. Ukitaka kujua wangapi wangerudi wenyewe, lazima baadhi ya wateja uwanyime tangazo, uwachague kwa nasibu, kisha uwahesabu wanaorudi.

Nitatumia mfano wa duka la viatu la mtandaoni, Nairobi, ambalo wateja wake wengi hulipa kwa M-Pesa. Tarakimu ni za kutunga ili hesabu ifuatike.

Hatua ya 1: Amua ni kikapu kipi kimeachwa kweli

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibikia. Mteja anabonyeza kulipa, ombi la M-Pesa linafika kwenye simu, salio halitoshi, muda unapita. Anaenda kwa wakala kuweka pesa na kurudi baada ya dakika arobaini. Mtu huyu hajaacha kikapu, yuko katikati ya kulipa. Ukimhesabu kuwa ameacha, tangazo litasifiwa kwa oda ambayo ilikuwa njiani tayari. Kwa duka letu, kikapu kinahesabiwa kuwa kimeachwa saa mbili zikipita bila malipo. Linganisha pia na taarifa za malipo zenyewe, maana wapo waliolipa moja kwa moja kwenye namba ya till na oda yao ikabaki wazi kwenye mfumo.

Hatua ya 2: Gawa wateja kabla tangazo halijaonyeshwa

Ugawaji ufanyike saa ile ile kikapu kinapohesabiwa kuwa kimeachwa, na ufuate mteja, si kivinjari. Mtu mmoja hutazama kwa simu asubuhi na kununua kwa kompyuta jioni. Ukigawa kwa kivinjari ataingia makundi yote mawili. Tumia namba ya mteja kwenye mfumo wako. Kwa PostgreSQL:

```sql
SELECT mteja_id, aliacha_saa,
  CASE WHEN mod(abs(hashtext(mteja_id::text || 'jaribio-1')::bigint), 100) < 20
       THEN 'bila' ELSE 'tangazo' END AS kundi
FROM vikapu_vilivyoachwa;
```

Asilimia 20 hivi wanabaki bila tangazo, na mteja yuleyule atabaki kundi lilelile hata akiacha kikapu mara tatu. Hifadhi matokeo kwenye jedwali la `makundi`, na kila mteja aingie humo mara moja tu, kwa kikapu chake cha kwanza ndani ya jaribio. Ukianza jaribio jingine, badilisha neno `jaribio-1` ili watu wachanganywe upya.

Hatua ya 3: Hakikisha kundi la "bila" halioni tangazo

Pikseli, yaani msimbo wa Facebook uliowekwa kwenye tovuti ya duka, itume tukio la kikapu kwa wateja wa kundi la tangazo pekee, hivyo wengine hawataingia kwenye hadhira kabisa. Hii ni salama kuliko kupakia orodha ya namba za simu za kuondolewa, kwa sababu jukwaa halitambui namba zote na wengine watapenya. Kagua kila siku chache: tafuta wateja wa kundi la "bila" waliofika dukani kwa kiungo chenye `utm_campaign` ya tangazo la kikapu. Wachache hawaharibu kitu, lakini wakiwa wengi mgawanyo umevuja, na tofauti utakayopima itakuwa ndogo kuliko ilivyo kweli.

SMS na barua pepe za kukumbusha ziende kwa makundi yote mawili bila tofauti. Matokeo yako basi yatakuwa yanajibu tangazo limeongeza nini juu ya SMS, na hilo liandikwe wazi kwenye ripoti.

Hatua ya 4: Hesabu kundi zima

```sql
SELECT k.kundi,
       COUNT(DISTINCT k.mteja_id) AS wateja,
       COUNT(DISTINCT o.mteja_id) AS walionunua
FROM makundi k
LEFT JOIN oda o ON o.mteja_id = k.mteja_id
  AND o.imelipwa_saa >  k.aliacha_saa
  AND o.imelipwa_saa <= k.aliacha_saa + INTERVAL '14 days'
GROUP BY k.kundi;
```

Usithubutu kuwahesabu walioliona tangazo peke yao na kuwaacha wasioliona. Anayeliona ni yule anayeshinda mtandaoni, na jukwaa lenyewe huwatafuta wenye dalili za kununua. Ukimlinganisha huyo na kundi la "bila" zima, unalinganisha watu wa aina mbili. Subiri pia siku 14 zitimie kwa mteja wa mwisho kuingia.

Duka letu limepata hivi. Kundi la tangazo lilikuwa na wateja 16,000, wakanunua 1,440, yaani asilimia 9. Kundi la "bila" lilikuwa na 4,000, wakanunua 300, yaani asilimia 7.5.

Hatua ya 5: Tenganisha waliorudishwa na waliorudi

Bila tangazo, asilimia 7.5 ya wale 16,000 wangenunua, yaani watu 1,200. Walionunua ni 1,440. Tangazo limeleta 240.

Sasa fungua ripoti ya jukwaa: inadai oda 900. Ukichukua kila mteja oda moja, katika hizo 900 karibu 660 zingekuja zenyewe. Ni oda tatu katika kila nne, kwa kukadiria.

Gharama ya tangazo ilikuwa Sh 240,000. Kwa hesabu ya jukwaa, kila oda imegharimu Sh 267. Kwa hesabu ya oda zilizoongezeka kweli, ni Sh 1,000. Ikiwa faida ghafi kwa oda ni Sh 700, tangazo lililoonekana la faida linakula mtaji. Kama lingebeba punguzo la bei, hasara ingezidi, maana wengi kati ya wale ambao wangelipa bei kamili nao wangelichukua.

Hatua ya 6: Pima uhakika wa tofauti

Ile tofauti ya asilimia 1.5 kati ya makundi mawili inaweza kuchangiwa na bahati. Kosa sanifu la tofauti ni:

```
sqrt(0.09*0.91/16000 + 0.075*0.925/4000) = 0.0047
```

Kwa uhakika wa asilimia 95, zidisha kwa 1.96, unapata takribani asilimia 0.93. Kwa hiyo ongezeko la kweli laweza kuwa kati ya asilimia 0.57 na 2.43, yaani oda 91 hadi 389. Kwa oda 389, kila moja imegharimu Sh 617 na duka limepata faida kidogo. Kwa 91, ni zaidi ya Sh 2,600. Ningemwambia mwenye duka kwamba tangazo linafanya kazi, ila kuna uwezekano mkubwa kwamba bei yake ni kubwa mno. Nisingemwambia alifute. Sehemu kubwa ya upana huu inatokana na udogo wa kundi la "bila". Angeligawa nusu kwa nusu, upana ungepungua.

Hatua ya 7: Tazama kundi la "bila" siku kwa siku

Panga wale 300 kwa siku waliyolipa. Tuseme 180 walilipa ndani ya saa 24 za kwanza. Hao walirudi bila kusukumwa na tangazo, na wenzao wa kundi la tangazo ndio waliokuwa wakionyeshwa viatu kila walipofungua simu. Jaribio linalofuata ni kuwagawa wateja upya: nusu waonyeshwe tangazo mara moja, nusu baada ya siku moja, ukiwaacha wachache bila tangazo kabisa. Usichague ucheleweshaji kwa kutazama grafu peke yake, kwa sababu huenda saa hizo za kwanza ndizo ambazo tangazo lina nguvu zaidi kwa wale waliokuwa wanasitasita.