Kupima sabuni ya maji dukani: jinsi ya kujua kama watu watalipia kujaziwa chupa

Wiki iliyopita nimemaliza kumsaidia dada mmoja wa Tabata mwenye duka dogo, alitaka wateja wa sabuni ya maji warudi na chupa zao badala ya kununua chupa mpya kila mara. Naandika wakati bado nakumbuka.

1. Dumu na koki. Nunua sabuni yenye nembo ya tbs kwenye dumu la lita 20, funga koki chini, weka juu ya stuli. Hii haina maelezo.

2. Pima kwa mizani, achana na jagi. Sabuni inatoa povu, ukipima kwa jagi leo unamzidishia mteja kesho unampunja, na atajua tu. Jaza lita 1, iache ilale usiku kucha povu lishuke, ongeza mpaka kwenye alama, halafu ipime bila uzito wa chupa. Ya kwetu ilikuja gramu 1,030, basi hiyo ndo lita yetu. Mizani iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo. Chupa ya mteja unaiweka tupu juu ya mizani, unarudisha sifuri, unajaza.

3. Chupa iwe kavu. Maji yakibaki ndani sabuni inakuwa nyepesi na baada ya siku kadhaa inaweza kuanza kunuka, halafu lawama zinakuja kwako. Na chupa za maji ya kunywa mimi sizijazi kabisa, mtoto akiikuta jikoni anakunywa. Aliyesahau chupa mpe nyingine, aache jero, akirudisha anachukua hela yake, kama chupa ya soda tu.

4. Bei. Hapa ndo tulipoteza mwezi mzima.

Kosa la kwanza tuliwauliza watu. "Mama, utalipia kujaziwa ili tupunguze plastiki?" Wote ndio, tena kwa tabasamu, na wengi hatukuwaona tena. Usiulize, weka bei halafu hesabu.

Kabla ya bei jua chupa inakugharimu nini. Kwake lita 1 ya sabuni ni 1,700, chupa na lebo 400, anauza 3,000, faida 900. Kwa hiyo akijaza kwa 2,600 faida ni ileile 900, akishusha zaidi ya hapo anakula mfukoni mwake. Tukachagua kujaribu 2,600 na 2,900.

Kosa la pili, tulianza na 2,600 tarehe 27 watu wana mishahara, kisha tukaweka 2,900 katikati ya mwezi watu wamekauka, mauzo yakaanguka tukasema bei imewashinda, kumbe tulikuwa tunapima mshahara sio bei! Tukafuta yote. Mara ya pili tulitumia sehemu mbili, dukani kwake na saluni ya mdogo wake mtaa wa pili. Wiki tatu za kwanza duka 2,600 na saluni 2,900, wiki tatu zilizofuata tukabadilishana. Tangaza tarehe ya mwisho wa bei mapema, la sivyo mtu ataona unamchezea. Wiki moja haitoshi maana lita 1 nyumba nyingi za pale inakaa kama wiki mbili, ukifunga hesabu mapema hujaona mtu akirudi.

Na usihesabu lita, hesabu chupa zinazorudi. Tuliandika namba kwa maka pen chini ya chupa 40, kila ikirudi unapiga mstari kwenye daftari. Kwa 2,600 zilijazwa mara 31, kwa 2,900 mara 19. Yani 27,900 faida dhidi ya 22,800. Tofauti ingekuwa ya chupa mbili tatu tu nisingeamini, kwa idadi ndogo hivi hiyo ni bahati.

Kwa hiyo kulipia mazingira? Wengi hapana, walirudi kwa sababu ya zile mia nne. Ila daftari lilikuwa na kitu kingine ambacho hatukukipanga: watu wanaokuja na kikopo wanasema "nipimie ya jero". Tukaweka jero kwa gramu 175, ambayo ni kama mililita 170. Piga hesabu uone, lita inafika karibu 2,940! Wale wale waliokataa 2,900 wanalipa zaidi ya hapo bila neno, kwa sababu leo mkononi ana jero na sio buku mbili na mia sita. Mama lishe wa kona anakuja kila asubuhi.

5. Sasa bango limebadilishwa. Neno plastiki limetoka, limeandikwa "Njoo na chupa yako 2,600. Ya jero ipo." Dumu la pili limefungwa koki jumamosi.