Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanga wiki ya darasa mchanganyiko: mwalimu mmoja, bila vitabu

Kabla hujaandika mada hata moja, piga hesabu ya dakika zako. Ukiwa na makundi matatu ya viwango tofauti ndani ya darasa moja na kipindi cha saa moja, kila kundi litakupata kwa dakika 15 tu. Muda uliobaki, ambao ni zaidi ya nusu saa, mtoto anafanya kazi bila wewe. Walimu wengi huandaa zile dakika 15 kwa makini, kisha kwenye kazi ya kimya wanaandika "mazoezi" na kufunga daftari. Mimi nakwambia geuza. Panga kwanza kazi ya kimya ya wiki nzima, ndipo upange utakachofundisha, kwa sababu mtoto anashinda na ile kazi kuliko anavyoshinda na wewe.

Makundi yapangwe kwa wanachoweza, si kwa umri; nikisema wadogo, wa kati na wakubwa, nazungumzia kiwango. Muite mtoto mmoja mmoja, umwandikie chini au ubaoni herufi, silabi, neno na sentensi, uone anakwama wapi. Kwenye hesabu fanya vivyo hivyo. Usishangae mtoto akawa na wakubwa kwenye kuhesabu, kisha akawa na wadogo kwenye kusoma. Mwache akae hivyo hivyo, ahame kundi kipindi kinapobadilika.

Ubao ugawe kwa mistari ya wima uwe na sehemu tatu, na uache ukanda mwembamba pembeni ambao haufutwi mpaka Ijumaa. Kazi za asubuhi ziandikwe kabla watoto hawajaingia. Mwalimu anayeandika ubaoni huku darasa linamsubiri amewapa wanafunzi mgongo, na mgongo huo utapigiwa kelele sasa hivi.

Vihesabio vikusanywe wiki moja kabla. Mawe madogo au mbegu kavu zinawatosha wadogo. Kundi la kati linahitaji vijiti vya urefu wa kidole, vijiti 50 kwa kila watoto wawili, vikifungwa kumi kumi kwa uzi au jani gumu. Watoto wenyewe wavikate na kuvifunga. Kule kufunga kumi kumi tayari ni somo.

Mpangilio wa saa moja ninaouamini ni huu. Dakika 5 za mwanzo darasa zima liko pamoja. Kisha unaanza na wadogo, kwa kuwa hao hawawezi kusoma maelekezo, wakati wa kati na wakubwa wanaanza kazi iliyokwisha andikwa ubaoni. Baada ya dakika 15 unawaachia wadogo wafanye peke yao kile ulichowaonyesha. Usikimbilie kundi linalofuata. Tembea dakika 3 kati ya madawati, kisha ndipo uende kwa wa kati. Zinafuata dakika 15 nyingine, mzunguko mwingine wa dakika 3, na dakika 15 za wakubwa. Dakika 4 za mwisho kila kundi linaonyesha kitu kimoja. Zile dakika 3 mbili za kutembea ndizo watu huzifuta kwanza wanapoona muda hautoshi, na ndizo zinazowagharimu. Hapa nitasimama kidogo.

Nilifanya kazi na mwalimu mmoja mwenye bidii sana, mpango wake wa wiki ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula. Kundi la kati lilikuwa linajifunza kutoa namba za tarakimu mbili. Jumatatu aliwafundisha, na kuanzia hapo kila siku aliwaandikia hesabu za kufanya kimya wakati yeye yuko na wengine. Watoto walitulia, madaftari yalijaa. Kila akipita akachungulia, aliona 48 − 15 = 33, akaona 67 − 24 = 43, akaweka vyema, akaendelea. Ijumaa akatoa jaribio, hesabu ya kwanza ikiwa 42 − 17. Karibu kundi zima liliandika 35.

Tuliyafungua madaftari kurudi nyuma. Kosa lilikuwepo tangu Jumanne. Watoto walikuwa wanaangalia kila safu peke yake na kutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, popote ilipo. Kwenye mamoja wanaona 2 na 7, wanafanya 7 kutoa 2, wanapata 5. Kwenye makumi wanafanya 4 kutoa 1, wanapata 3. Jibu 35. Njia hiyo hiyo inatoa jibu sahihi kabisa kwenye 48 − 15, kwa sababu pale kila tarakimu ya juu ni kubwa kuliko ya chini. Kwa hiyo kila alama ya vyema iliyowekwa ilikuwa inawathibitishia kwamba njia yao ni nzuri. Mtoto mmoja alipoulizwa alijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, ulisema kubwa haitoki kwenye ndogo." Na kweli, sentensi hiyo ilikuwa imesemwa Jumatatu, kwa nia njema. Walikuwa wameifanyia mazoezi wiki nzima, kwa utulivu, bila mtu wa kuwasimamisha, na kuwatoa huko kulichukua muda mrefu kuliko kuwafundisha mara ya kwanza.

Kazi ya kimya haina mwalimu wa kusema "hapana", na ndiyo hatari yake. Basi mambo matatu lazima yawe ndani ya mpango kabla wiki haijaanza.

La kwanza, hesabu ya kwanza katika kila orodha iwe ile inayofichua kosa. Kama somo ni kutoa kwa kuazima kumi, anza na 42 − 17 au 50 − 23, si na rahisi za kupashia. Katika mzunguko wako wa dakika 3 huna muda wa kusoma daftari zima. Unatazama jibu la kwanza tu. Ukiona 35, au ukiona 33 kwenye 50 − 23, umejua kilichomo kichwani mwa mtoto bila kumuuliza. Andika jibu hilo la makosa kwenye daftari lako la maandalizi tangu nyumbani, ili jicho lako lijue linatafuta nini. Kama hawana madaftari na wanaandika kwenye mchanga, waambie hesabu ya kwanza wasiifute mpaka upite.

La pili, mtoto awe na njia ya kujisahihisha. Kutoa kunajisahihisha kwa kujumlisha. Aliyepata 35 ajumlishe 35 na 17. Atapata 52, wakati alianza na 42. Hapo hahitaji wewe kumwambia kuna tatizo. Iwe sheria ya kundi kwamba hesabu haijaisha mpaka imejumlishwa kurudi.

La tatu, vijiti viwe mezani mpaka Alhamisi, visiondolewe Jumatatu jioni kwa kudhani wameelewa. Mpe mtoto mafungu manne na vijiti viwili, mwambie atoe 17. Atatafuta saba, ataona viwili. Mwache ahangaike kidogo. Akifungua fungu moja, anabaki na mafungu matatu na vijiti kumi na viwili. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa fungu moja, yanabaki mawili. 25. Mikono yake haiwezi kutoa viwili kwenye saba, kwa sababu zile saba hazipo mezani, zipo kwenye sentensi tu. Na wewe usiseme kubwa haitoki kwenye ndogo. Sema "mamoja hayatoshi, tufungue kumi."

Kipimo changu cha kazi ya kimya ni kimoja: maelekezo yake yatoshe sentensi moja. Ukihitaji sentensi ya pili kuieleza, hiyo si kazi ya kimya, watakuja kukuvuta shati.

Kusoma bila kitabu kunatisha watu bila sababu. Ule ukanda usiofutwa ndio kitabu chenu cha wiki. Jumatatu waulize watoto kilichotokea, waseme wao, wewe uandike maneno yao, sentensi fupi tatu. Kwa mfano: "Mvua imenyesha usiku. Maji yamejaa njiani. Tumevuka tumeshikana mikono." Makundi yote matatu yanatumia maneno hayo hayo. Wadogo wanatafuta herufi m popote ilipo na kuiandika mchangani. Wa kati wanachukua maneno na kuyakata silabi, u-si-ku, ma-ji, mi-ko-no, kisha wanatumia silabi hizo kuunda maneno mapya. Wakubwa Jumanne wanaigeuza habari iwe ya jana, imenyesha iwe ilinyesha, yamejaa yawe yalijaa, na Jumatano iwe ya kesho. Alhamisi wanaongeza sentensi ya nne kila mtu na yake. Kinachoharibu mpango huu ni kuwaamuru wainakili yote kila siku. Mtoto anayejifunza kuandika anaweza kumaliza kipindi kizima kwenye mistari mitatu asisome hata neno. Wanakili sentensi moja, ile wanayoifanyia kazi siku hiyo.

Mada mpya zisipite Jumatano. Watoto watakosa siku, kwa mvua, kwa kazi za nyumbani, kwa kuugua, na aliyekosa Jumanne anahitaji mlango wa kurudia. Alhamisi iwe ya kurudia, Ijumaa ya kupima, na zile dakika 5 za asubuhi kila siku zirudishe ya jana kwa mdomo.

Viongozi wa makundi wachague miongoni mwa wakubwa, lakini wabadilishe kila wiki na uandike majina. Usipoandika utajikuta binti mmoja mtulivu ndiye anayewafundisha wadogo siku zote, na muhula ukiisha yeye ndiye aliyesoma kidogo kuliko wote. Kiongozi asisahihishe. Kazi yake ni kugawa vijiti, kusoma maelekezo na kukuita.

Kila kundi liwe na kazi moja ya akiba, ileile wiki nzima, ya wanaomaliza mapema. Chaki weka mbili mfukoni. Mvua kubwa ikipiga paa hakuna atakayekusikia, basi jua mapema kazi ipi inafanyika bila sauti. Usipange masomo mawili yanayohitaji kelele kwa saa moja, wadogo wakiimba namba wakubwa hawasomi. Na ukurasa wa mpango wako uandike kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuusoma: siku, kundi, kazi ya mwalimu, kazi ya kimya, jibu la makosa la kutafuta. Siku ukiugua, yeyote atakayesimama pale mbele atauhitaji kabla ya saa mbili asubuhi.