Kutuma mzigo kutoka Amu kwa nauli ya kulipwa na mpokeaji

Fundi mmoja wa Langoni aliniomba nimsaidie kutuma fremu ya kioo ya mbao iliyochongwa kwa mteja wake Nairobi. Bei ya fremu ilikuwa shilingi 9,000, na mteja alikubali kulipia nauli ya basi mwenyewe mzigo ukifika. Utaratibu niliofuata ni huu.

1. Tenganisheni pesa mbili. Nauli ni ya ofisi ya mizigo, bei ya mali ni ya muuzaji. Ofisi ikikubali mpokeaji alipe kule, itachukua nauli yake tu, haitakukusanyia bei ya fremu. Wengi hudhani karani atazuia mzigo mpaka 9,000 ipatikane. Hatazuia, labda muwe mmeandikiana hivyo.

2. Funga mzigo. Sponji kwenye kona, boksi, gunia juu, jina na simu ya mpokeaji pande mbili kwa kalamu ya wino usiofutika.

3. Lipa mpaka Mokowe. Mabasi huishia Mokowe, ng'ambo upande wa bara, hayafiki kisiwani, kwa hivyo hamali na boti ya kuvuka unalipa wewe hapo hapo, taslimu. Mwambie mpokeaji mapema kama utamdai pesa hizo. Asizisikie baada ya mzigo kuondoka.

4. Kiasi cha nauli kiandikwe kwenye risiti. Hapa ndipo penye kazi, usikubali kuharakishwa. Karani akikwambia, "Mzee, nenda tu, watapima kule," usiondoke. Risiti isiyo na kiasi inamwachia karani wa Nairobi nafasi ya kukadiria kwa macho, na boksi pana lakini jepesi huonekana kubwa kuliko uzito wake. Mpokeaji akitajiwa bei asiyoijua, atakasirika au ataondoka. Risiti yetu iliandikwa: "Nauli sh 1,200, alipe mpokeaji." Hakikisha pia imeandikwa mzigo ni nini na thamani yake, kwa sababu ukipotea ndiko fidia itakakoanzia, na ofisi nyingi zina kikomo kidogo kwa mzigo usiotajwa thamani.

Halafu soma nyuma ya risiti. Kwa kawaida utakuta kwamba mpokeaji asipolipa, deni linarudi kwa aliyetuma, na ofisi ina haki ya kushikilia mzigo mpaka ilipwe. Piga hesabu ya mteja kukataa. Nauli ya kwenda 1,200, ya kurudi 1,200, na tuseme stoo shilingi 100 kwa siku kwa siku sita: jumla ni 3,000, yaani theluthi ya bei ya fremu, na hujauza chochote. Kwa sababu hiyo mimi situmi kwa mtindo huu bila mteja kutanguliza pesa inayotosha nauli ya kwenda na kurudi. Akishapokea, kiasi hicho kinakatwa kwenye bei. Mteja anayekataa sharti hili, mwambie alipie nauli mwanzo.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya ofisi kukataa samaki, maembe au vitu vya bei ndogo kwa nauli ya kulipwa kule. Dhamana yao ni mzigo wenyewe. Samaki akioza, hawana cha kushikilia. Usibishane nao, lipa mwanzo.

5. Mtumie mpokeaji picha ya risiti na umpigie siku mzigo unapotarajiwa, maana siku za stoo huhesabiwa akiwa hana habari.

6. Ukiwa wewe ndiwe mpokeaji. Hatari yako ni kulipa nauli kabla ya kuona kilichomo. Muuzaji mwongo anaweza kukutumia boksi la matambara, na ofisi haitakurudishia nauli kwa kuwa safari imefanyika. Kabla basi halijafika, piga simu ofisini kwa namba uliyoipata ofisini, usitumie ile uliyopewa na muuzaji, uulize kama risiti hiyo ipo na kiasi gani kimeandikwa. Ukipata ujumbe unaosema mzigo umefika, utume nauli kwa namba ya mtu binafsi, usitume. Nenda kaunta, na ukilipa kwa simu soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha.

Ofisini, lipa, lakini usitie sahihi kwanza. Kagua gunia kama limeshonwa upya, tikisa boksi usikie kama kuna kilichovunjika, kisha omba ufungue mbele ya karani. Akikataa, andika kwenye kitabu chao, kando ya sahihi yako, "boksi limebonyea kona, halijafunguliwa," upige picha ukurasa huo. Ukitia sahihi tupu, ofisi itasema ulipokea mzigo mzima.