Jinsi ya kusajili jina la losheni yako BRELA bila kugongana na la mwenzako

Wengi hudhani wakishasajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, basi jina la losheni ni lao. Sivyo. Jina la biashara hutambulisha anayefanya biashara. Kinacholinda jina lililoandikwa kwenye kopo ni alama ya biashara, na hiyo huombwa peke yake. Kibali cha TBS, shirika la viwango, nacho ni cha bidhaa, hakikupi haki ya jina.

Kabla ya kuchapisha lebo hata moja, tafuta. Tuseme umechagua "Rayana". Ukiandika hivyo tu kwenye utafutaji usipate kitu, usishangilie. Andika pia Layana, Raiana, Rayyana na Reyana. Msajili hupima jina kwa macho na kwa sikio, na sisi tunajijua: dukani mteja anaomba "Layana" na muuzaji anamtolea Rayana. Kama Layana imeshasajiliwa kwa sabuni au mafuta ya mwili, badilisha jina. Kuongeza "Glow" au "Skin" mbele yake hakukuokoi, maana maneno hayo kila mtu anayatumia. Kinacholinganishwa ni lile neno lenye kubeba jina. Kisha pita madukani, Kariakoo kwa mfano, na uangalie Instagramu, kwa sababu aliyetangulia kulitumia jina sokoni anaweza kukupinga hata kama hajalisajili.

Majina yanayoeleza bidhaa nayo hukwama. "Ngozi Laini" ni sifa ya losheni yoyote. "Asali" kwa sabuni yenye asali ni maelezo. Kwa sabuni isiyo na asali ni kumdanganya mteja.

Jina likishapona, fungua akaunti kwenye ors.brela.go.tz kwa namba yako ya NIDA, kisha jaza ombi la alama ya biashara. Hapa chagua daraja, yaani kundi la bidhaa, kwa makini. Losheni, sabuni, manukato na mafuta ya kujipaka ni daraja la 3. Krimu ya kutibu fangasi ni dawa, hivyo ni daraja la 5, na huombwa kivyake. Mimi ningeomba neno lenyewe kwa herufi za kawaida kwanza, nembo baadaye: nembo utaibadilisha, jina litabaki. Lipa kwa namba ya malipo utakayopewa na utunze risiti.

Msajili akikubali, alama hutangazwa kwenye jarida lake, na yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Usiagize makopo elfu kwa furaha ya kukubaliwa. Subiri siku hizo ziishe. Cheti hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Cheti hicho ni cha Tanzania Bara tu. Kama losheni yako inavuka na boti kwenda Unguja, huko utaomba upya kwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar.