Somo: Kukata mahojiano ya dakika 40 kuwa vipande vya wima bila kumkata mtu kichwa

Tuchukue mfano mmoja: mahojiano ya dakika 40 kuhusu kulea vifaranga. Watu wawili wamekaa, mmoja kushoto na mwingine kulia, na video ni ya mlalo, 1920 kwa 1080. Tunataka vipande vya TikTok, Reels, Shorts na status ya WhatsApp.

Kwanza sikiliza, usikate. Pitia video yote ukiandika dakika za kila jibu linaloweza kusimama peke yake. Dakika 40 mara nyingi hutoa vipande sita hadi nane vya maana. Ukilazimisha ishirini, utapata vipande visivyo na kichwa wala miguu. Kiswahili kina mtego wake hapa: mfugaji akianza na "hiyo ndiyo inayowaua", mtazamaji mpya hajui "hiyo" ni nini, kwa sababu ilitajwa kwenye swali ulilolikata. Katika mfano wetu, sentensi inayojitosheleza inaanza dakika ya 12 na sekunde ya 40: "Vifaranga wakijirundika pamoja, ujue wanasikia baridi." Kipande kianzie hapo hapo. Salamu na "asante kwa swali zuri" viondoke. Kinaisha baada ya sekunde 48.

Pili, geuza mlalo kuwa wima. Ukikata umbo la 9:16 ndani ya video ya kimo cha pikseli 1080, unabaki na upana wa 608 tu. Kwa hiyo unachagua mtu mmoja, yule anayeongea. Simamisha video, pima uso wake uko pikseli ya ngapi kutoka kushoto. Tuseme 520. Toa nusu ya upana, yaani 304, upate 216. Hapo ndipo kisu kinapoanzia katika amri hii ya programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -ss 00:12:40 -i mahojiano.mp4 -t 48 -vf "crop=608:1080:216:0,scale=1080:1920,setsar=1" -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac kipande1.mp4
```

Wengi huweka `-c copy` ili kazi iishe haraka. Njia hiyo haitengenezi picha upya, kwa hiyo video haiwezi kuanza vizuri ila kwenye fremu iliyohifadhiwa nzima, na fremu hizo huachana kwa sekunde kadhaa. Ndiyo maana kipande huanza na picha iliyoganda huku sauti ikitangulia. Chujio la `crop` halifanyi kazi nayo hata kidogo.

Picha itapoteza ukali kidogo, maana pikseli 608 zimevutwa hadi 1080. Ukirekodi kwa 4K, umbo lilelile la 9:16 linakuachia upana wa 1215 na tatizo linaisha.

Tatu, hifadhi nakala safi isiyo na maandishi. Kutoka kwenye nakala hiyo ndipo unapotengeneza ya kila mtandao. Manukuu yasikae chini kabisa, kwani jina la akaunti na maelezo huyafunika, na upande wa kulia kuna vitufe. Yaweke chini kidogo ya katikati, mistari miwili tu. Kwa WhatsApp ongeza ukubwa wa herufi, kwa sababu video hubanwa inapopandishwa na herufi nyembamba huvurugika. Usipakue kipande kutoka TikTok ukakipeleke Reels: Instagram ilitangaza 2021 kwamba video zenye nembo ya programu nyingine hazitapendekezwa sana.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, wote wawili wanaongea kwa kupokezana na kucheka. Nimkate nani?*

Usimkate yeyote. Kata kila mmoja peke yake, kisha mweke mmoja juu na mwingine chini. Kila nusu ni 1080 kwa 960, kwa hiyo kwenye video ya awali kata 1080 kwa 960 kumzunguka kila mtu, bila kuvuta picha. Ila wakiwa wamekaribiana sana, bega la jirani litaingia. Hapo punguza kisu hadi 810 kwa 720, ukubali ukali upungue.

*Shorts yangu ya dakika 2 imezuiwa, na ile ya sekunde 50 yenye muziki uleule ipo. Kwa nini?*

Shorts siku hizi hufika dakika 3, lakini inayozidi dakika 1 ikiwa na dai la hakimiliki la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi za wengine, huzuiwa. Ondoa muziki, ubakize sauti ya maongezi, au ukate isizidi dakika 1.

*Nimeweka linki ya mahojiano kamili kwenye maelezo ya Shorts, haibonyezeki.*

Ni kweli, linki za hapo zilizimwa Agosti 2023. Ingia YouTube Studio, fungua kipande hicho, tafuta sehemu ya Related video, kisha chagua mahojiano yenyewe. Yatatokea kama kiungo kwenye kipande hicho.