Kabla hujaweka sahihi kwenye barua ya kufunga akaunti

Barua ya kufunga akaunti mara nyingi ni fupi, na wengi wetu tukishaona "akaunti yako imefungwa" tunaiweka kwenye faili. Tafadhali isome ukiwa na taarifa ya akaunti ya miezi mitatu mkononi. Taarifa hiyo ichukue mapema, maana akaunti ikifungwa, huduma ya benki kwenye simu nayo hukatika.

Anza na salio. Tuseme taarifa yako ya mwisho inaonyesha shilingi 48,300, lakini barua inasema umelipwa 45,950. Pengo ni 2,350, na benki ikueleze kila shilingi. Pengine 500 ni ada ya kufunga akaunti. Zinabaki 1,850: ni mafuta uliyolipia kwa kadi siku mbili kabla, benki ikazishikilia, kituo hakijazichukua. Pesa iliyoshikiliwa bado ni yako mpaka muuzaji aidai. Asipoidai, inatakiwa ikurudie, na akaunti ya kuipokea haipo tena. Kwa hiyo barua itaje kiasi hicho, tarehe ya mwisho ya kukisubiri na akaunti nyingine itakayopokea. Mimi hapa sikubali maelezo ya mdomo ya kaunta. Weka na risiti ya mafuta hadi jambo liishe.

Hundi ulizoandika ambazo hazijapelekwa benki ni za kuhesabu pia. Aliyeshika hundi yako anaweza kuipeleka wiki kadhaa baadaye, irudi bila kulipwa, na lawama ikuangukie wewe. Mlipe kwa njia nyingine, kisha mwombe akurudishie hundi.

Kwenye kadi, tafuta tarakimu nne za mwisho za kila kadi na tarehe ilipofutwa. Kadi ya ziada ya mke au mume husahaulika sana. Kama barua inasema tu "kadi zote", omba ziorodheshwe.

Maagizo ya kudumu ndiyo yanayoumiza zaidi. Benki ikifuta agizo la kupeleka 6,000 kwa SACCO kila tarehe 5, deni lako la mkopo halifutwi nalo. Mwezi unaofuata malipo hayaendi, SACCO inakuhesabu umechelewa, na adhabu inaanza kuongezeka huku wewe ukiamini kila kitu kiko sawa. Pitia taarifa yako mstari kwa mstari, ukitafuta kiasi kilekile kinachojirudia tarehe zilezile: SACCO, bima, karo. Kila unachokiona kihamishie akaunti mpya kwanza, usubiri malipo ya kwanza yapite, ndipo uombe kufunga. Kisha angalia kama barua imeyataja maagizo hayo moja moja, kwa jina la mlipwaji.

Kama kuna lililokosekana, usisaini nakala ya benki. Omba barua iliyosahihishwa, yenye muhuri na tarehe.