Kikoa cha fanksheni ndani ya fanksheni: chuja kwanza, rahisisha baadaye

Leo tunatafuta kikoa cha f(g(x)), yaani thamani zote za x zinazoruhusiwa, pale f na g zote zina x kwenye asili ya sehemu. Jambo ninalotaka likae kichwani ni hili: thamani mbovu hutafutwa mara mbili, na hutafutwa kabla ya kurahisisha. Ukirahisisha kwanza, moja kati ya thamani hizo inaweza kufutika kwenye karatasi, na jibu litakuwa na kasoro ambayo huioni.

Tuchukue mfano mmoja na tuumalize:

f(x) = 3/(x − 2)
g(x) = (x + 1)/(x − 3)

Katika f(g(x)), x huingia kwanza kwenye g. Kinachotoka kwenye g ndicho kinachoingia kwenye f. Ni milango miwili iliyofuatana, na x isiyopita wa kwanza haiwezi kufika wa pili.

Hatua ya 1: g inakataa nini?

Asili yake ni x − 3, ambayo huwa sifuri x ikiwa 3. Basi x ≠ 3. Andika sharti hili pembeni sasa hivi, usingoje.

Hatua ya 2: f inakataa nini?

f inakataa 2. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakaandika x ≠ 2. Lakini kinachoingia kwenye f si x, ni g(x). Kwa hiyo sharti ni g(x) ≠ 2, na inatubidi tujue ni x ipi inayoifanya g itoe 2:

(x + 1)/(x − 3) = 2
x + 1 = 2x − 6
x = 7

Hakikisha: g(7) = 8/4 = 2. Kweli, na f ikipewa 2 inagawanya kwa sifuri. Basi x ≠ 7.

Hatua ya 3: unganisha masharti.

Kikoa ni namba halisi zote isipokuwa 3 na 7. Kwa vipande:

(−∞, 3) ∪ (3, 7) ∪ (7, ∞)

Hatua ya 4: sasa rahisisha.

f(g(x)) = 3 / [(x + 1)/(x − 3) − 2]

Zidisha juu na chini kwa (x − 3):

f(g(x)) = 3(x − 3) / (x + 1 − 2x + 6) = 3(x − 3)/(7 − x)

Tazama asili iliyobaki: 7 − x. Saba inaonekana, tatu haipo. Aliyeanzia hapa angeapa kwamba 3 ni halali na jibu lake ni 0. Lakini kuzidisha kwa (x − 3) kulikuwa halali kwa sababu tu tulishasema x si 3. Ndiyo maana jibu kamili huandikwa pamoja na sharti lake: 3(x − 3)/(7 − x), x ≠ 3. Kwenye grafu, nukta (3, 0) ni tundu: chora kiduara kitupu hapo.

Mbona 3 imepotea lakini 7 imebaki? x inapokaribia 3, g(x) inakua bila kikomo, upande chanya au hasi. f ikipewa namba kubwa sana, 3/(x − 2) inasogea kwenye 0. Mlipuko wa g umemezwa na f, limebaki tundu tu. Hali ni tofauti f yenyewe ikiwa inakua bila kikomo. Weka x²/(x − 2) mahali pa f, ukitumia g ileile, utapata (x + 1)²/[(x − 3)(7 − x)], na hapo 3 inabaki wazi kwenye asili. Kwa hiyo umbo lililorahisishwa wakati mwingine linaonyesha thamani zote mbovu, wakati mwingine halionyeshi. Hatua ya 1 na ya 2 zinazipata zote kila mara.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Bado sijaridhika kuhusu 2. Kama f inaikataa, inakuwaje iko kwenye kikoa?*

Marahaba. Iingize uone. g(2) = 3/(−1) = −3. Kinachofika kwenye f ni −3, na f(−3) = 3/(−5) = −3/5. Hakuna kilichoharibika. Ile 2 inakatazwa kuingia kwenye f tu. Kwenye g inapita vizuri.

*Nikigeuza niwe na g(f(x)), kikoa kinabaki kilekile?*

Hapana, anza upya. Sasa f ndiyo ya kwanza, kwa hiyo x ≠ 2. Kisha g inakataa 3, hivyo tatua 3/(x − 2) = 3, utapata x = 3. Kikoa kinaacha 2 na 3. Umbo lililorahisishwa ni (x + 1)/(9 − 3x), na safari hii iliyofichika ni 2.

*Nimebadilisha f iwe 3/(x − 1) nikaacha g ilivyo. Hatua ya 2 imeniletea x + 1 = x − 3, yaani 1 = −3. Nimekosea wapi?*

Hujakosea popote. Mlinganyo hauna jibu, maana yake g haitoi 1 kamwe, kwa hiyo mlango wa pili haumzuii yeyote. Linabaki sharti la hatua ya 1 peke yake, x ≠ 3. Sasa rahisisha: utapata 3(x − 3)/4. Hakuna x kwenye asili kabisa, ni mstari ulionyooka, na bado una tundu kwenye x = 3. Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu jibu linaonekana salama kabisa.

*Mwalimu, nimejaribu kwenye kompyuta ule mfano wa kwanza kwa x = 3, bila kurahisisha chochote, ikanipa 0. Si inamaanisha 3 inaruhusiwa?*

Bila shaka ulitumia JavaScript au lugha inayofanana nayo:

```
let x = 3;
3 / ((x + 1) / (x - 3) - 2)   // 0
```

Humo 4/0 haileti kosa, inaleta `Infinity`. Ukitoa 2 inabaki `Infinity`, na 3 ikigawanywa kwa hiyo inakuwa 0. Ukiandika hesabu hiyohiyo kwenye Python, inasimama palepale na kutoa `ZeroDivisionError`. Kwenye namba halisi 4/0 haina thamani, kwa hiyo g(3) haipo na f haina cha kupokea. Ile 0 uliyoiona ndiyo thamani ambayo grafu inaikaribia pembeni mwa tundu, si thamani ya fanksheni pale penyewe. Ukitaka kupima kwa kompyuta, piga kwanza g(x) peke yake. Ikileta `Infinity` au kosa, x hiyo iondoe bila kuangalia kinachofuata.